Betri ya lisaa limoja na taa kila mita 10: jibu kwa msimamizi wa jengo la maduka Mtwara

*Shikamoo injinia. Nasimamia ujenzi wa jengo la maduka hapa Mtwara, supamaketi chini na maduka madogo juu. Fundi umeme kachora taa za dharura kila baada ya mita 10 kwenye njia zote za kutokea, na bosi anasema betri za lisaa limoja zinatosha maana jenereta lipo. Mi naona kuna kitu hakijakaa sawa ila sina hoja ya kuwabishia. Nisaidie.*

Marahaba mdogo wangu. Mchoro ulionitumia nimeukalia jana usiku, na nianze na bosi kwanza, maana fundi wako anahitaji kusogezwa kidogo tu atakaa sawa, bosi ndo mwenye kazi.

Hesabu anayoipiga bosi naijua, nimeshaisikia kwa wenye majengo wengi: watu wanatoka nje ndani ya dakika tano, wakizubaa sana kumi, sasa betri ya masaa matatu ya kazi gani? Hapo anapima betri kwa miguu ya wateja. Betri unaipima kwa kitu kingine, unaipima kwa kile ambacho nyie wenyewe mtafanya umeme ukikatika. Viwango ambavyo wengi wetu tunachorea, BS 5266-1 ya Waingereza na EN 1838 ya Ulaya, vinakubali lisaa limoja kama kiwango cha chini kabisa, ila BS inaweka masharti mawili na hayo masharti ndo watu hawayasomi. La kwanza, umeme ukikatika tu unawatoa watu wote saa hiyo hiyo. La pili, humrudishi mtu ndani mpaka betri zijae tena. Ukishindwa hata moja kati ya hayo, unaenda masaa matatu.

Sasa muulize bosi kwa utaratibu kabisa: Jumamosi ya mwezi wa 11, minada ya korosho imechangamka, watu wa Tandahimba na Newala wameshuka mjini na hela mfukoni, supamaketi imejaa, umeme unakatika saa nne asubuhi. Atawatoa wote nje na kufunga milango? Hawezi, na mi nikiwa yeye nisingeweza. Atasema subirini kidogo jenereta linawaka. Wateja wanabaki ndani, taa za dharura zinawaka kwa betri. Jenereta likiwaka sawa, mambo yameisha, taa zinapumzika na kuanza kuchaji. Ila likigoma, na fundi akahangaika nalo lisaa lizima huku keshia wanaendelea kupiga hesabu kwa mwanga wa simu, betri za lisaa limoja zimeisha. Umeme unarudi saa tano, kila mtu anashangilia, biashara inaendelea. Saa nane mchana unakatika tena.

Hapo ndo pa kusimama. Betri za taa hizi zinachajiwa polepole makusudi ili zidumu, iliyoisha kabisa inahitaji masaa 24 kujaa. Kutoka saa tano mpaka saa nane ni masaa matatu, sehemu moja ya nane ya siku. Kwa hiyo betri ya lisaa limoja imerudisha kama dakika saba au nane za mwanga, basi, na hapo nimeihesabia kwa huruma maana betri haipokei kila unachoisukumia. Dakika saba na watu mia kadhaa ndani, wengine wako juu na watoto, wengine wako store. Betri ya masaa matatu kwenye mkasa huo huo imetumika lisaa moja asubuhi, imebakiwa na mawili, na kilichoingia mchana ni nyongeza. Sijakufanyia hesabu ya moto hapo, ni kukatika mara mbili kwa siku moja, kitu ambacho kwa sisi watu wa Mtwara na Lindi hakihitaji kuelezewa.

Na jenereta sio hoja ya kupunguza betri. Hata jenereta la kujiwasha lenyewe linachukua sekunde kumi, kumi na tano, mengine zaidi, wakati EN 1838 inataka angalau nusu ya mwanga wa njia ya kutokea uwe umefika ndani ya sekunde 5 na wote ndani ya sekunde 60. Kwa hiyo betri unayo tu, upende usipende, kilichobaki ni ukubwa wake. Alafu jenereta nalo lina betri yake ya kuwashia, lina dizeli yake, lina swichi yake ya kuhamisha umeme, na kila kimoja kina siku yake ya kugoma. Kuna jengo moja Lindi niliitwa, jenereta zima zuri la kutosha mtaa, lilikuwa limekaa miezi bila kuwashwa, siku ya siku likapiga "tik" likanyamaza. Betri ya kuwashia ilikuwa imekufa na hakuna aliyejua, maana taa ya kijani kwenye paneli yake ilikuwa inawaka kama kawaida.

Kwa hiyo masaa matatu, hapo sina mjadala, na mkaguzi wa Zimamoto akija akamkuta bosi na lisaa limoja muache bosi amweleze mwenyewe atakavyowatoa wateja kila umeme unapokatika.

Tuje kwa fundi. Mita 10 hajaitoa hewani, kuna taa zinazofika huko na hata zaidi, ila sio hizi alizoandika. Hizi ni za lumeni 150, yani kiasi chote cha mwanga taa inachotoa, zikiwa kwenye betri, na dari ya korido ya nyuma mmeiweka mita 3. Nikupigie hesabu moja tu uione kwa macho, halafu utaweza kuirudia mwenyewe popote.

Taa ya kawaida ya kubandika darini inayotawanya mwanga pande zote za chini, nguvu yake ya kwenda chini moja kwa moja ni lumeni gawanya kwa 3.14. Kwa 150 unapata kandela 48 hivi. Ila taa itachafuka, vumbi, wadudu, plastiki kuwa ya njano, kwa hiyo nazidisha kwa 0.8 tangu mwanzo, inabaki 38. Chukua taa mbili zilizoachana mita 8, wewe simama katikati yao. Kila taa iko mita 4 kwa mlalo na mita 3 juu, na umbali wa kutoka kwenye taa mpaka unyayo wako ni mita 5 kamili, ile pembetatu ya 3, 4, 5 ya mafundi ujenzi wanayopimia kona. Taa inapotupa mwanga kwa ubavu inapungua nguvu kwa uwiano wa 3 kwa 5, kwa hiyo 38 inakuwa 23 kasoro kidogo. Mwanga ukifika sakafuni umelala, unazidisha tena 3 kwa 5, alafu unagawa kwa umbali mara umbali yani 25. Unapata 0.55. Taa mbili zinakupa laksi 1.1, laksi ndo kipimo cha mwanga unaotua mahali, na kinachotakiwa katikati ya njia ya kutokea yenye upana usiozidi mita 2 ni laksi 1. Umepita, kwa kidogo.

Rudia hesabu hiyo hiyo kwa mita 10 za fundi, kila taa iko mita 5 kwa mlalo, utapata 0.6 hivi kwa taa mbili. Hujafika. Kuta nyeupe zitasaidia kiasi lakini kwenye hesabu hii mwanga wa kudunda ukutani hauhesabiwi, maana kuta leo ni nyeupe kesho mpangaji kabandika matangazo meusi ukuta mzima. Na mwisho wa korido taa iko peke yake, haina mwenzake wa kumsaidia, kwa hiyo isikae mbali na ukuta wa mwisho zaidi ya mita 3.

Ila umbali kati ya taa na taa ndo jambo la mwisho kuhesabu, na kosa kubwa la fundi wako liko hapo, kaanza na rula. Kapima korido akagawa kwa kumi. Unatakiwa kuanza na sehemu ambazo lazima ziwe na taa, ndani ya mita 2 kwa mlalo: kila mlango wa kutokea, kila kona, kila njia panda, kila ngazi, kila sehemu sakafu inapopanda au kushuka hata kistepu kimoja, kila mtungi wa zimamoto na kitufe cha kengele ya moto, na nje ya mlango wa mwisho. Ukishaziweka hizo, ndo unajaza mapengo yaliyobaki.

Tuichukue korido yako ya nyuma ya supamaketi, upana mita 1.8. Inaanzia mlango wa store, inaenda mita 30 moja kwa moja, inakata kushoto, mita 8 nyingine unakuta mlango wa kutokea uani. Mtungi na kitufe cha kengele viko ukutani kwenye mita ya 15. Fundi kaweka taa nne tu, na kona yenyewe imeangukia katikati ya taa mbili, yani mtu anatoka gizani anakutana na ukuta. Mimi naweka moja mita 1 baada ya mlango wa store, moja hapo hapo kwenye kona, moja mita 1 kabla ya mlango wa mwisho, na moja nje. Hizo nne sijahesabu chochote, zimejiweka zenyewe. Sasa kati ya ile ya kwanza na ya kona kuna mita 29, nikiweka tatu katikati zinaachana mita 7 na robo, na ile ya katikati kabisa inaangukia mita 15 na nusu, karibu mtungini. Kati ya kona na taa ya mlango ni mita 7, hamna haja ya nyingine. Jumla taa saba, badala ya nne.

Kuna kimoja hapo kinawaponza wengi. Mtungini hupimi sakafu, unapima mwanga unaogonga ukuta wenyewe, maana mtu anatakiwa auone na asome maelekezo, na hapo panataka laksi 5. Nimejaribu kwa taa ya 150 nikapata 3 na kitu, haitoshi hata kama iko nusu mita tu kutoka mtungini, sababu mwanga unaotoka juu unaukwaruza tu ukuta. Kwa hiyo hiyo taa moja ya katikati iwe ya lumeni 250. Moja tu, zingine bakisha za 150.

Kwenye ukumbi wa mbele kuna shida ya aina nyingine kabisa. Eneo la wazi linalozidi mita za mraba 60 linataka laksi 0.5 sakafuni, nusu ya korido, sasa fundi akaona ni rahisi akaziweka zile zile za 150 kwenye paa la ukumbi, mita 9 juu. Mwanga unakufa kwa umbali mara umbali: 38 gawanya kwa 81 ni 0.47. Yani ukisimama chini ya taa yenyewe, wima kabisa, haujafika, acha pembeni. Aidha aweke taa za dharura kubwa zilizotengenezwa kwa majengo marefu, au, na hii ndo naipenda mimi, azibandike kwenye nguzo na ukingo wa baraza la juu kwenye mita 4 hivi, ambako pia mtu wa matengenezo anafika kwa ngazi ya kawaida. Taa ya mita 9 juu betri yake haitabadilishwa, nakuambia ukweli, mpaka mtu akodi jukwaa la kupandia, na jukwaa halitakodiwa.

Alama za KUTOKA nazo zina hesabu yake, fupi. Alama yenye taa ndani yake inasomeka kwa umbali wa mara 200 ya urefu wake wa kwenda juu, isiyo na taa ndani bali inamulikwa ni mara 100. Alama ya sentimita 15 ni mita 30 au mita 15. Korido yako ya mita 30 imekaa pazuri kabisa na ya taa ndani. Ukumbi wa mbele una mita 60 kwa hiyo panatakiwa nyingine ya kuning'inia katikati, na kwa kuwa wateja ni wageni wa jengo, hizo ziwe zinawaka muda wote sio mpaka umeme ukatike.

Sasa waya. Hapa ndo nimeona vituko kuliko sehemu nyingine yoyote, na hapa hata taa nzuri za bei mbaya zinakuwa mapambo. Kwenye mchoro wako taa zote za dharura zinakula kwenye breka moja ya peke yake iliyoko bodi kuu. Inaonekana nadhifu, sivyo? Nilikuta jengo limefungwa hivyo hivyo. Siku moja shoti ilitokea kwenye taa za kawaida za korido, breka ya korido ikaanguka, korido ikawa giza totoro mchana kweupe maana haina madirisha. Taa za dharura hazikuwaka hata moja. Kwa nini ziwake? Zenyewe zilikuwa zinapata umeme wake kutoka breka yake, zinaona dunia iko salama. Mama mmoja wa usafi alijikwaa kwenye ndoo akaumia mkono. Taa ya dharura lazima ichukue umeme kutoka sakiti ile ile ya taa za kawaida za sehemu hiyo hiyo, ili taa za hapo zikizimika kwa sababu yoyote yenyewe ijue. Kuigundua ni rahisi mno, zima breka ya korido peke yake usiguse kitu kingine, uone kama zinawaka.

Ila ukiichukua hapo usiichukue baada ya swichi ya ukutani. Ichukue kabla, waya wa moto wa kudumu ambao swichi haiugusi. Nasema hivi maana fundi akishasikia "sakiti ya korido" anaweza akavuta kutoka kwenye taa ya jirani, na hiyo taa ya jirani inazimwa na mlinzi kila usiku akifunga. Kila akizima, taa za dharura zinadhani umeme umekatika, zinawaka mpaka betri inaisha. Kila siku. Asubuhi jengo linafunguliwa betri zote ziko tupu, na betri inayokaushwa kila usiku haimalizi mwaka. Dalili yake utaiona mwenyewe: mlinzi atakuambia kwa furaha kuwa usiku kuna vitaa vinamsaidia kuona.

Kuhusu betri zenyewe, usisome maandishi ya boksi, fungua taa moja usome betri. Taa ya lumeni 150 za ledi, ukijumlisha na kinachopotea kwenye vifaa vyake, inavuta kama wati 2 kutoka kwenye betri. Masaa matatu ni wati-saa 6. Betri inazeeka, kwa hiyo ongeza robo juu, unatafuta 7.5 au zaidi. Betri ya nikeli-kadimiamu ya volti 3.6 na ampea-saa 2.5 ina wati-saa 9, hiyo nzuri. Kuna boksi moja nililetewa limeandikwa masaa matatu kwa maandishi makubwa mekundu, ndani nikakuta kibetri cha lithiamu cha volti 3.7 na ampea-saa 1.2. Zidisha, ni 4.4. Kikiwa kipya kabisa kinafika masaa mawili na kidogo, na hapo ni kama hiyo 1.2 iliyoandikwa ni ya kweli.

Na joto letu hili lichukulie serious. Betri za taa hizi zinatakiwa zidumu angalau miaka 4, ila hiyo ni kama joto linaloizunguka halizidi lile lililoandikwa kwenye betri yenyewe. Fundi kapanga vile viboksi vya betri vikae juu ya dari la jipsamu, chini ya bati moja kwa moja. Ingia humo juu saa nane mchana mwezi wa 12 uone kama utakaa dakika mbili. Kwenye ghorofa la juu betri ziwe ndani ya taa yenyewe, chini ya jipsamu, au viboksi vishushwe vikae ukutani upande wa kivuli. Na ile taa ya nje ya mlango wa uani, hewa ya bahari inakula kila kitu hapa, chukua iliyozibwa ya IP65 yenye bodi ya plastiki, usichukue ya bati iliyopakwa rangi.

Baada ya yote hayo yamefungwa, kabla hujasaini, fanya jaribio la masaa matatu kamili. Zichaji masaa 24 bila kukatiza, alafu usiku baada ya kufunga zima breka za taa za kawaida, kaa nazo. Usiziangalie zikiwaka mwanzoni, hapo kila taa inawaka, hata mbovu. Angalia dakika kumi za mwisho. Itakayokuwa imezimika au imekuwa kama kipande cha sigara, irudishe dukani. Jengo likishafunguliwa mnarudia la kila mwezi, la kuzima na kuona zinawaka tu, na hili refu mara moja kwa mwaka, ila hapo msizikaushe zote usiku mmoja maana kesho yake mtafungua jengo lenye betri tupu. Chukueni moja ruka moja, nusu wiki hii nusu wiki ijayo, na kila mlichokiona kiandikwe kwenye daftari na tarehe.

Tafuta na kipima mwanga, cha mkononi kinatosha, ila kiwe kinasoma chini ya laksi 1 kwa desimali. Kiweke sakafuni katikati ya taa ya kwanza na ya pili kwenye ile korido, mita 4 na nusu hivi kutoka mlango wa store, zile dakika za mwisho za masaa matatu. Taa zikiwa mpya na safi hapo unatakiwa usome kama 1.7. Fundi atakuja kukuambia kasoma 1 na 1 ndo inayotakiwa, na kwa karatasi yuko sawa, ila ile 0.8 ya vumbi na uzee tuliyoitoa mwanzo bado haijaanza kula. Taa inayosoma 1 siku ya kukabidhiwa mwakani itasoma 0.9, kwa hiyo ukiona 1 mwambie akuletee zile za 250 au aongeze taa moja pale, wakati hela yake ya mwisho bado iko mkononi mwa bosi.